Chokaa, soda kostiki au magadi soda: ipi itoe zinki na kadimi kwenye maji ya asidi?

Chukua karakana inayovua zinki na kadimi kwenye boliti na vipuri kuukuu kwa kuvichovya kwenye asidi ya haidrokloriki kabla ya kuvipaka upya. Baada ya asidi, vipuri husuuzwa, na maji ya kusuuzia hukusanywa kwenye tangi la plastiki la lita 1,000. Ukiyatazama maji hayo utadhani ni safi, kwa sababu metali zilizomo zimeyeyuka na hazionekani. Ukiyapima unakuta pH ni 2, zinki ni miligramu 65 kwa lita na kadimi ni miligramu 11 kwa lita. Namba hizi nimezichagua mimi ili hesabu iende vizuri: tangi zima lina moli 1 ya zinki, sehemu ya kumi ya moli ya kadimi, na moli 10 za asidi.

Stoo kuna mifuko mitatu, ya chokaa, ya soda kostiki na ya magadi soda iliyosafishwa, yaani sodiamu kaboneti. Yote mitatu hupandisha pH, na ndiyo maana watu huidhani ni kitu kimoja chenye bei tofauti. Si kitu kimoja. Chokaa na kostiki hutoa metali kwa kuigeuza haidroksidi, ilhali magadi soda yanaweza kuigeuza kaboneti, na pH inaviathiri viwili hivi kwa njia tofauti kabisa.

Kwa anayetaka jibu kabla ya maelezo: tangi likiwa na zinki peke yake, tumia chokaa na usimame kati ya pH 9 na 9.5. Kukiwa na kadimi pia, tumia kostiki kuua asidi hadi pH ifike karibu na 6, kisha malizia kwa magadi soda hadi kati ya 8.5 na 9. Chokaa peke yake inaweza kuitoa kadimi, ila utalazimika kupanda hadi karibu na pH 11, na huko zinki huanza kuleta matatizo.

pH inavyofanya kazi kwenye kila upande

Haidroksidi ya zinki ni Zn(OH)2, maana yake ioni moja ya zinki imeshikana na ioni mbili za haidroksidi. Kila pH inapopanda hatua moja, ioni za haidroksidi kwenye maji huongezeka mara kumi. Kwa kuwa zinki inahitaji mbili, kiasi cha zinki kinachoweza kubaki kimeyeyuka hupungua mara mia. Kwa hiyo kutoka pH 7 hadi 8 unapunguza mara mia, na kutoka 8 hadi 9 unapunguza mara mia nyingine. Kwa metali zinazobeba chaji tatu, kama chuma kilichooksidishwa, ni mara elfu kwa kila hatua, na ndiyo sababu chuma cha aina hiyo hutua mapema, maji yakiwa bado na uchachu.

Kaboneti huenda kwa mkondo mwingine. Hapa pH haigusi metali moja kwa moja, bali huamua hali ya kaboneti yenyewe ndani ya maji. Chini ya pH 6.35 sehemu kubwa huwa ni hewa ya kaboni dioksidi iliyoyeyuka. Kati ya 6.35 na 10.33 sehemu kubwa ni bikaboneti, na juu ya 10.33 ndipo kaboneti kamili inapotawala. Metali tunazozungumzia hushikana na kaboneti kamili tu. Ukiwa pH 8 umemwaga magadi ya kutosha, lakini chini ya sehemu moja kati ya mia mbili ndiyo iliyo katika hali inayofaa. Katika eneo hilo la kati, kila hatua moja ya pH huongeza kaboneti kamili mara kumi, kwa hiyo metali hupungua mara kumi, si mara mia.

Tofauti hiyo ya kumi na mia unaiona mkononi. Mita yako ya pH ikikosea kwa 0.3, na mita isiyosawazishwa hukosea zaidi ya hapo, kwenye haidroksidi metali iliyobaki itakuwa karibu mara nne ya ulivyotegemea. Kwenye kaboneti itakuwa mara mbili tu. Kaboneti ni mvumilivu zaidi kwa mtu mwenye vifaa vya kawaida.

Lakini mteremko mkali hauna maana ikiwa unaanzia mbali sana, na hapo ndipo zinki na kadimi zinapoachana njia. Jedwali hili nimelikokotoa kwa nyuzi joto 25, kwa vizidisho vya umumunyifu, yaani namba zinazoonyesha kila kiwanja huyeyuka kwa kiasi gani, vinavyotumika sana: Zn(OH)2 ni 3 × 10^-17, ZnCO3 ni 1.5 × 10^-10, Cd(OH)2 ni 7.2 × 10^-15, na CdCO3 ni 1 × 10^-12. Upande wa kaboneti nimechukulia kuwa kila lita ina jumla ya milimoli 2 za kaboneti na ndugu zake. Namba ni miligramu zinazoweza kubaki zimeyeyuka katika lita moja.

| pH | Zinki, haidroksidi | Zinki, kaboneti | Kadimi, haidroksidi | Kadimi, kaboneti |
|---|---|---|---|---|
| 7 | 200 | 13 | haitui kabisa | 0.15 |
| 8 | 2 | 1 | 810 | 0.01 |
| 9 | 0.02 | 0.1 | 8 | 0.001 |
| 10 | 0.0002 | 0.015 | 0.08 | 0.0002 |

Soma safu ya kadimi kwanza. Kwenye pH 8 haidroksidi ingeruhusu miligramu 810, na tangi letu lina 11, kwa hiyo hakuna hata chembe inayolazimika kutua. Kwenye pH 9 bado inaruhusu 8. Umepandisha pH kutoka 2 hadi 9, umetumia karibu alkali yote, na kwa hesabu hii sehemu kubwa ya kadimi bado iko kwenye maji. Upande wa kaboneti, pH ile ile ya 9 inaacha sehemu moja ya elfu ya miligramu. Kwa mizani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni kadimi miligramu 0.003 kwa lita. Sisemi maji ya karakana yanywewe. Nataka tu uone 8 iko umbali gani na namba hiyo.

Sasa soma zinki. Kwenye pH 8 njia zote mbili zinakaribiana, na kwenye 9 haidroksidi imeshaipita kaboneti. Ni kweli kwamba kwenye pH 7 kaboneti inaonekana bora, lakini miligramu 13 kwa lita si kiwango cha kumfurahisha mtu. Kwa hiyo anayenunua magadi soda ili kutoa zinki peke yake anatumia pesa pasipo faida. Nikeli iko upande wa zinki katika jambo hili, na risasi iko upande wa kadimi: kaboneti huitoa risasi vizuri kwenye pH ya chini kuliko haidroksidi yake.

Namba za chini kabisa kwenye jedwali usizibebe hadi kwenye ripoti. Hesabu hii rahisi inachukulia kuwa metali ipo katika hali mbili tu, ioni tupu au chembe iliyotua. Kwenye maji halisi kuna zinki iliyoshikana na haidroksidi moja, mbili au tatu na bado imeyeyuka, na kuna kadimi iliyoshikana na kaboneti au na kloridi ya ile asidi yetu na bado imeyeyuka. Ile 0.0002 ya zinki haipatikani, na sakafu yake halisi iko zaidi kwenye sehemu za kumi za miligramu. Halafu kuna chembe ndogo mno zinazoelea na kupita kwenye chujio, na mara nyingi hizo ndizo zinazoamua namba utakayoletewa na maabara. Jedwali linakuonyesha uelekeo na umbali, halikuahidi matokeo.

Kuna pia jambo linalowapa watu bahati nzuri: zinki inapotua kama haidroksidi, kadimi kiasi hunasa juu ya chembe zake na kushuka nazo. Ndiyo maana karakana nyingine hupata kadimi chini ya ile 8 wakiwa pH 9 kwa chokaa tu. Msaada huo upo, ila hautabiriki. Siku zinki ikiwa kidogo, na kadimi inabaki majini.

Zinki inaporudi majini

Niliwahi kuitwa asubuhi na kijana wa zamu kwenye karakana moja. Walikuwa wakitumia soda kostiki. Jioni ya jana yake maji yalikuwa meupe kama tui, mashapo yalikuwa yameanza kushuka, wakafunga wakaondoka. Asubuhi mtu mwingine, akidhani kazi haijakamilika, akaongeza kostiki na kukoroga.

"Dada, njoo uone, maji yametakata kabisa. Nifungue bomba?"

Nilichungulia. Ule weupe ulikuwa umekwisha, na chini ya tangi kulikuwa na utando mwembamba tu mahali ambapo tope lilipaswa kujaa. Nikachovya mita, ikasoma karibu 13. Nilimwomba kikombe cha kioo, nikachota maji hayo yaliyotakata, nikadondosha asidi iliyozimuliwa, tone baada ya tone, nikitikisa. Kwenye tone la saba au la nane kikombe kikageuka tui tena.

Zinki ilikuwa imo humo humo. Haidroksidi ya zinki ina tabia ya kuwili: kwenye maji yenye asidi huyeyuka kama ioni ya zinki, na alkali ikizidi sana hushika haidroksidi za ziada, ikawa zinketi, ikayeyuka upya. Katikati kuna bonde, na bonde la zinki liko karibu na pH 9 hadi 10. Ukivuka 11 unaanza kupanda ukingo wa pili, kwenye 12 unaongelea miligramu kadhaa kwa lita, na kwenye 13 makumi. Kromu ya chaji tatu ina tabia hiyo hiyo, na bonde lake liko chini zaidi, karibu na pH 8, ambapo zinki ndiyo kwanza inaanza kutua. Alumini nayo iko chini zaidi, karibu na 6.5.

Jaribio la kikombe nimelitumia mara nyingi tangu hapo. Maji ya alkali yaliyotakata, ukiyashusha taratibu kuelekea 9 yakachafuka, ujue metali ilikuwa imefichwa na alkali iliyozidi. Yakibaki angavu njia nzima, basi metali haimo, au imeshikwa na kitu kingine ambacho nitakitaja baadaye.

Kadimi karibu haina tabia hiyo katika pH tunazofanyia kazi. Ndiyo ugumu wa kutumia haidroksidi kwa tangi lenye zote mbili: zinki inataka usimame 9 hadi 9.5, kadimi inataka ufike 11. Ukisimama katikati unakosa pande zote mbili kidogo kidogo, na ukifuata kadimi hadi juu, zinki inaanza kurudi. Wengine hufanya mara mbili, wanatoa zinki kwanza kwenye 9.5, wanatenga tope, kisha wanapandisha hadi 11 kwa ajili ya kadimi. Inafanya kazi, ila inataka tangi la pili, muda, na asidi ya kuyashusha maji mwishoni. Kaboneti inaondoa mgongano huo kwa sababu inaishusha kadimi hadi kwenye pH ile ile inayopendwa na zinki.

Gramu za kila mfuko

Sasa turudi kwenye tangi letu. Kuua moli 10 za asidi kunahitaji moli 10 za haidroksidi. Zinki inataka moli 2 na kadimi 0.2. Jumla ni 12.2.

Soda kostiki safi ni gramu 40 kwa moli, kwa hiyo tangi linataka karibu gramu 490. Chokaa iliyozimwa, Ca(OH)2, ni gramu 74 lakini kila moli inaleta haidroksidi mbili, kwa hiyo ni karibu gramu 450. Kwa uzito zinakaribiana, na kwa bei chokaa kwa kawaida iko chini sana. Ukitaka kwenda nayo hadi pH 11, ongeza gramu 40 hivi.

Hizo ni gramu za chokaa safi. Mfuko uliokaa wazi stoo umeshavuta kaboni dioksidi ya hewani na sehemu yake imegeuka kalsiamu kaboneti, isiyo na nguvu tena ya kukufikisha 9. Utaitambua kwa kumwagia kijiko kimoja asidi kidogo: chokaa nzuri huyeyuka kimya, iliyochoka hutoa povu. Chokaa pia ina kawaida ya kuchelewa. Unamwaga, mita inasoma 8, unaongeza, na baada ya robo saa unakuta 10.5 kwa sababu punje za mwanzo zilikuwa bado zinayeyuka. Ichanganye na maji kwanza iwe kama uji mwepesi, mimina kidogo, subiri, ndipo upime.

Kostiki haina kuchelewa huko, tatizo lake ni kasi. Asidi ikishaisha na metali ikishatua, hakuna kinachoizuia, na kikombe kimoja cha ziada kinaruka kutoka 9 hadi 11. Chokaa nayo inaweza kupita, lakini maji yaliyoshiba chokaa yanagota karibu na pH 12.4. Kostiki haigoti hapo.

Magadi soda peke yake ndiyo hesabu inayoshangaza. Kaboneti ya kwanza inayoingia kwenye maji ya pH 2 haigusi kadimi hata kidogo, inaliwa na asidi na kugeuka kaboni dioksidi. Kwenye asidi kali iliyochoka, ile ya kwenye pipa la kuchovyea, hewa hiyo inatoka kwa povu linaloweza kufurika. Kwenye maji yetu ya kusuuzia ni kidogo, kwa hiyo inabaki imeyeyuka na kutoka polepole. Ikibaki humo inaendelea kuwa asidi dhaifu na kula magadi mengine. Unaona mita ikikwama karibu na 6, unamwaga, unamwaga, haipandi. Kama ungeweza kuitoa hewa yote kwa kukoroga na kupulizia, tangi lingetosheka na karibu gramu 760. Kama haitoki kabisa, litataka kilo 1.3. Mtu aliyekwama hapo kwenye 6 huamini kuwa magadi yake ni feki, kumbe anailisha asidi dhaifu aliyoitengeneza mwenyewe.

Ndiyo maana napendekeza kugawana kazi. Gramu 400 za kostiki zinaua zile moli 10 za asidi, bila hewa yoyote, na pH inafika karibu na 6. Simama hapo. Kisha yeyusha gramu 230 hivi za magadi soda kwenye ndoo ya maji, mimina taratibu ukikoroga, na mita itapanda hadi kati ya 8.5 na 9. Katika gramu hizo 230, sehemu kubwa ya zinki inatua kama haidroksidi au mchanganyiko wa haidroksidi na kaboneti, kadimi inatua kama kaboneti, na zinabaki karibu milimoli 2 za bikaboneti na kaboneti kwa kila lita. Hizo milimoli 2 ndizo nilizozitumia kwenye jedwali. Bikaboneti hiyo pia inaituliza pH: ukizidisha magadi kidogo haurukii 12 kama kwa kostiki, kwa hiyo zinki haina njia rahisi ya kurudi majini.

Hapa kuna mtego ambao nimeona watu wazuri wakiingia. Mtu anasikia "ua asidi kwanza, kisha magadi", anaangalia bei, anatumia chokaa badala ya kostiki. Chokaa inaleta kalsiamu, na moli 10 za asidi zinaacha moli 5 za kalsiamu kwenye tangi. Kalsiamu nayo inaipenda kaboneti, na ipo mara hamsini ya kadimi. Inayanyakua magadi yako na kutua kama kalsiamu kaboneti. Kwa hesabu ile ile, kaboneti iliyobaki kwenye pH 9 ingeruhusu kadimi miligramu 0.17 kwa lita, wakati bila kalsiamu ilikuwa 0.001. Utapata maji meupe, tope jingi, mita itasoma 9 sawasawa, na utaamini umefaulu. Chokaa ni nzuri kwa njia ya haidroksidi. Kwenye njia ya kaboneti inakuharibia, isipokuwa uko tayari kumwaga magadi mengi ya kuishibisha kalsiamu kwanza.

Na magadi yenyewe yawe yapi? Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likivunwa kibiashara tangu miaka ya 1910, na kinachochimbwa pale ni trona, nusu kaboneti na nusu bikaboneti pamoja na maji yake. Ikichomwa ndipo inakuwa magadi soda kamili ya viwandani. Magadi ghafi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage, yana bikaboneti, chumvi na udongo, kwa hiyo gramu 230 haziwezi kufanya kazi ya gramu 230. Pia baadhi yake yana floridi nyingi, na hakuna kitu kwenye hatua hizi kitakachoitoa. Utakuwa umetoa kadimi ukaweka floridi. Nunua yaliyosafishwa.

Tope

Haidroksidi ya zinki iliyotua kwa kostiki ni kama ute. Inashikilia maji, inachukua nafasi kubwa chini ya tangi, na inaziba kitambaa cha kuchujia. Kwa chokaa inatua haraka zaidi kwa sababu punje ambazo hazikuyeyuka zinaipa uzito, lakini jumla ya tope huongezeka. Maji yangekuwa na asidi ya salfuriki badala ya haidrokloriki, tena kali kuliko haya yetu, chokaa ingetengeneza jasi juu ya hayo, na tope lingezidi sana. Kaboneti hutua ikiwa nzito na yenye chembe zinazochujika vizuri zaidi. Kwa karakana inayolipia tope kwa uzito au kwa mapipa, tofauti hiyo inaweza kuzidi tofauti ya bei ya mifuko, na mimi naiweka kwenye hesabu kabla ya bei ya kemikali.

Pale ambapo pH haisaidii

Kama maji yana amonia, zinki na kadimi zote hushikana nayo na kubaki zimeyeyuka hata pH ikiwa sahihi kabisa. Vivyo hivyo na EDTA iliyomo kwenye baadhi ya sabuni za kusafishia metali. Dalili yake ni kwamba umefika 9, umesubiri, mita ni nzima, na maji hayageuki meupe au yanageuka kidogo tu. Jaribio la kikombe pia halionyeshi kitu. Kuongeza alkali hapo ni kupoteza. Tafuta ni sabuni gani au chumvi gani imeingia kwenye beseni, na utenge maji hayo.

Sianidi nayo hushika kadimi namna hiyo, na mabeseni mengi ya kupakia kadimi hutumia sianidi. Maji ya beseni la aina hiyo yasikutane na asidi hata tone, kwa sababu hutoa gesi inayoua. Yana matibabu yake, hufanywa yakiwa na alkali, na sianidi ikishavunjwa ndipo unaporudi kwenye maswali ya makala hii.

Kuamua kwa vikombe sita

Kabla ya kununua gunia, fanya jaribio la vikombe. Sawazisha mita kwa myeyusho wa pH 7 na wa pH 10. Ukisawazisha kwa 4 na 7 peke yake, unakwenda kupima mahali ambapo mita haijaonyeshwa. Karatasi za rangi ziache, hatua moja ya pH kwenye haidroksidi ni mara mia, na jicho haliwezi kubishana na mara mia.

Chota nusu lita sita kutoka kwenye tangi lililokorogwa. Vikombe vitatu vipeleke kwa chokaa hadi 9, 9.5 na 11. Vitatu viue asidi kwa kostiki, kisha vipeleke kwa magadi soda hadi 8, 8.5 na 9. Koroga taratibu dakika ishirini, acha vitue saa moja, kisha pima pH tena, kwa sababu chokaa huenda imepanda na kile cha 11 kinaweza kuwa kimeshuka kwa kunywa kaboni dioksidi ya hewani. Andika urefu wa tope kwa rula. Halafu chota maji ya juu, yachuje kwa chujio laini, na chupa za maabara zitiwe asidi baada ya kuchuja, kamwe si kabla. Ukiitia asidi chupa yenye chembe, chembe zinayeyuka na utaambiwa una metali ambayo kwenye tangi tayari imetua.

Kosa hilo la mpangilio hutokea pia kwenye tangi lenyewe. Aliyekwenda pH 11 lazima ayashushe maji kabla ya kuyaachia, kwa kuwa vibali vya kumwaga maji havikubali alkali ya namna hiyo. Tenga tope kwanza, yote, ndipo utie asidi. Ukishusha hadi 7.5 tope likiwa bado chini, jedwali linakwambia kitakachotokea: haidroksidi ya zinki inaruhusu makumi ya miligramu hapo, na ya kadimi inaruhusu yote. Aliyemalizia kwa magadi kwenye 8.5 huwa hana hatua hiyo kabisa, ila naye atenge tope lake na kulihifadhi mbali na mapipa ya asidi na mbali na mvua, kwa sababu kaboneti ya kadimi hutua kwa utulivu kwenye 8.5 na hurudi majini kwa utulivu ule ule asidi ikiifikia.